Programu ya dawa inalia, lakini mama anameza nini?

*Shikamoo shangazi. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Muheza na dada wa kazi pamoja na mjukuu wa miaka 15. Mimi nipo Dar. Ana presha na sukari. Mwezi uliopita alipelekwa hospitali nyingine akaongezewa dawa, na sasa anatumia Amlodipine 5, Losartan H, Norvasc 10, Metformin 500 kutwa mara mbili, Glibenclamide 5 asubuhi, Junior Aspirin na Atorvastatin 20. Magoti yakimsumbua anaagiza Diclofenac dukani.*

*Niliweka programu ya kukumbusha dawa kwenye simu ya dada, kila dawa na saa yake. Mara inalia saa nane usiku, mara hailii kabisa. Mimi huku napata ujumbe kwamba dozi haikumezwa, dada anasema amempa. Wiki nyingine programu inaonyesha kameza zote, lakini nikienda nakuta vidonge vimebaki vingi. Tangu dawa ziongezeke miguu imevimba, na asubuhi mbili tofauti alikutwa analowa jasho na kuongea ovyo mpaka alipokunywa chai. Nibadilishe programu? Nimeona za kulipia, sijui kama ndizo bora.*

*Binti wa Muheza, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Programu iache kwanza. Mpigie daktari wa kliniki ya mama leo, kabla ya dozi ya kesho asubuhi, na umweleze mambo mawili.

La kwanza ni Norvasc. Hilo ni jina la kibiashara. Dawa iliyomo ndani ni amlodipine. Kwa hiyo mama anapata amlodipine miligramu 5 kutoka kwenye sanduku la zamani na miligramu 10 kutoka kwenye jipya, jumla 15 kwa siku, wakati kiwango cha juu kwa mtu mzima ni 10. Kuvimba vifundo vya miguu ni athari inayojulikana sana ya dawa hii, na huzidi kadiri dozi inavyopanda. Sisemi ndiyo sababu pekee. Miguu ya mtu wa umri wake inaweza kuvimba kwa ajili ya moyo au figo, ndiyo maana nataka aonwe na daktari. Lakini masanduku yale mawili hayakupangwa yaliwe pamoja. Inawezekana kabisa daktari wa pili alitaka kupandisha dozi kutoka 5 kwenda 10 na hakuambiwa kwamba nyumbani kuna sanduku jingine linaloendelea. Muulize lipi libaki, usichague wewe.

La pili ni zile asubuhi za jasho. Jasho jingi, kutetemeka, kuongea ovyo, kisha mtu anarudi sawa baada ya chai yenye sukari: hiyo ni sura ya sukari iliyoshuka, na mimi ningeanza kuitazama Glibenclamide. Inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zake zimepungua kasi inakaa zaidi, kiasi kwamba kidonge cha jana asubuhi kinaweza kumwangusha leo alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba Glibenclamide haifai kwa watu wa zaidi ya miaka 60, na badala yake linataja Gliclazide. Mwambie daktari kuhusu asubuhi zote mbili, na Glibenclamide ya kesho isimezwe mpaka umezungumza naye.

Dada naye ajue la kufanya jambo hilo likijirudia. Kama kuna kipimo nyumbani apime. Chini ya 4 mmol/L ni ya kushughulikia papo hapo. Kama hakuna kipimo asisubiri. Ampe vijiko vitatu vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, kisha ampe chakula. Akishazinduka bado apelekwe kituo cha afya, kwa sababu sukari iliyoshushwa na Glibenclamide inaweza kushuka tena saa chache baadaye hata kama mama anacheka na kupiga soga. Akipoteza fahamu, asitiwe chochote mdomoni. Ni hospitali moja kwa moja.

Kwenye simu hiyohiyo taja na Diclofenac. Naona umeiweka mwisho kama kitu cha pembeni, na nadhani hata kwenye programu hukuiandika kwa sababu haina cheti. Losartan H ina dawa mbili ndani yake, losartan na dawa ya kukojosha maji. Ukiongeza Diclofenac juu ya hizo, figo za mzee zinabanwa pande tatu kwa wakati mmoja, na presha yenyewe hupanda. Kwa magoti waulize kuhusu Paracetamol au dawa ya kupaka. Kipindi nilichokaa dirishani kwenye famasi, dawa zilizonitia wasiwasi zaidi ni hizi zinazonunuliwa moja moja jioni na ambazo hazionekani kwenye karatasi yoyote.

Sasa programu. Haikukuonya kuhusu Norvasc kwa sababu uliiandikia majina mawili nayo ikayapigia kengele yote mawili. Zipo programu zenye onyo la dawa zinazogongana, lakini onyo hilo linategemea uchague dawa kutoka kwenye orodha yao wenyewe, na orodha hizo zimejaa majina ya Ulaya na Marekani. Ukiandika kwa mkono jina la sanduku ulilouziwa Muheza, programu inaona herufi tu. Kwa hiyo usafi wa orodha ni kazi yako kabla ya kuifungua simu.

Mwombe dada atandaze mezani kila sanduku, kila pakiti na kila bahasha iliyomo ndani ya nyumba, pamoja na zilizo kwenye mkoba wa mama na zilizo chini ya mto. Apige picha ya kila moja kwa karibu, upande wenye maandishi madogo. Chini ya jina kubwa la biashara huwa kuna jina la dawa yenyewe na idadi ya miligramu, na hilo ndilo la kuingiza kwenye programu. Masanduku mawili yakionyesha jina dogo moja, simama hapo uulize. Bahasha isiyo na jina la dawa, iliyoandikwa tu 1x2, haiingii kwenye programu mpaka famasi iliyoitoa itaje ni nini, ikishindikana irudishwe. Orodha ikikamilika, mpelekee mfamasia mmoja aisome yote kwa pamoja, na dawa za kununua zimo humo.

Tuseme, kwa mfano tu, daktari amebakiza Amlodipine 10 peke yake na ameiondoa Glibenclamide akaweka Gliclazide asubuhi. Hapo ndipo unapoingia kwenye programu, na jambo la kwanza ni kupunguza milio. Kila dawa na saa yake maana yake simu ya dada inalia tangu alfajiri hadi usiku, na mtu anayepika, kufua na kufagia ataizima sauti kufikia siku ya tatu. Mimi pia ningeizima. Dawa za mama zote zinaingia kwenye nyakati mbili. Asubuhi pamoja na chai: Amlodipine, Losartan H, Gliclazide, Metformin na Junior Aspirin. Losartan H iwe asubuhi kwa sababu ya ile dawa ya maji. Akiimeza jioni ataamka usiku mara kwa mara kwenda chooni, na kwenye giza ndiko wazee wanakoanguka. Jioni pamoja na chakula: Metformin ya pili na Atorvastatin. Milio miwili, basi. Mwonyeshe daktari mpango huu apitishe.

Kuhusu mlio wa saa nane usiku: uliambiwa saa mbili ukaandika 2:00. Programu zinahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi yetu kwao ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00. Ingia kwenye `Settings`, kisha `Date & time`, uwashe `Use 24-hour format`, ili usiwe na haja ya kuwaza AM na PM. Kwa mama mimi ningeweka 07:30 na 19:30, yaani saa moja na nusu asubuhi na saa moja na nusu jioni, kama ndizo saa anazokula. Kama mama hunywa chai saa tatu, weka 09:00. Alamu ifuate sufuria, kwa sababu Metformin kwenye tumbo tupu itamchafua tumbo, na Gliclazide kwenye tumbo tupu inaweza kumrudisha kwenye jasho lilelile.

Na hili programu haiwezi kulijua: kama amekula. Ikifika 07:30 italia hata kama mama amekataa uji. Karibu kila programu ina sehemu ya maelezo chini ya jina la dawa. Kwa Gliclazide andika hapo kwa Kiswahili: ASIPOKULA USIMPE, NIPIGIE. Menyu zitakuwa za Kiingereza, lakini jina na maelezo unayaandika upendavyo, kwa hiyo unaweza kuweka "Amlodipine 10, presha, kimoja asubuhi", na ukaambatanisha picha ya sanduku kama programu inaruhusu. Ila siku duka litakapobadilisha kampuni, kidonge kitabadilika rangi na umbo. Dada asitegemee rangi, asome jina.

Sasa kwa nini siku nyingine hailii. Nina uhakika karibu wote kwamba tatizo liko kwenye simu na si kwenye programu. Simu nyingi za Android zinazouzwa kwetu zimepangwa kubana matumizi ya betri, na njia yao ni kuzima programu ambayo haijafunguliwa kwa muda. Fungua `Settings`, nenda `Apps`, chagua programu ya dawa, ingia `Battery` na uweke `Unrestricted`. Kama simu ina kipengele cha `Auto-start`, kiwashwe kwa programu hiyo. Ukiwa hapohapo kwenye ukurasa wa programu, zima `Pause app activity if unused`, ambayo kwenye simu nyingine huandikwa `Manage app if unused`. Halafu tafuta `Alarms & reminders` uiruhusu. Tangu Android 12 ruhusa hiyo inasimama peke yake, na kwenye Android 14 programu nyingi mpya huanza bila kupewa. Tangu Android 13 hata arifa zenyewe zinaombewa ruhusa, na mtu mwenye haraka hubonyeza kukataa bila kusoma. Majina ya menyu hutofautiana kidogo simu kwa simu. Mjukuu wa miaka 15 atayapata yote kabla chai haijapoa, mwachie.

Mwambie dada pia aache kutumia zile programu za kusafisha simu zinazoahidi kuongeza kasi. Zinachofanya ni kufunga kila kilichokuwa kinasubiri, alamu ya dawa ikiwemo.

Kujaribu kuna namna yake. Ukiweka dozi ya majaribio ya dakika tatu zijazo italia vizuri na utaondoka umeridhika, kwa sababu simu ilikuwa bado macho. Simu huingia usingizi mzito ikishalala mezani muda mrefu bila kuguswa. Kwa hiyo weka dozi ya majaribio ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, 05:30, simu ilale imefungwa, isiguswe, na isiwe kwenye chaji. Ikilia hiyo, umepona. Jaribio la pili ni kuizima simu na kuiwasha bila kuingiza namba ya siri. Programu nyingi hazilii mpaka simu ifunguliwe mara ya kwanza baada ya kuwaka. Umeme ukikatika usiku na chaji ikaisha, asubuhi dada akiiwasha tu na kuiweka kabatini, hakutakuwa na mlio wowote.

Ule ujumbe unaokufikia wewe nao una siri yake. Alamu inalia kutoka ndani ya simu ya dada na haihitaji bando. Lakini taarifa kwamba amebonyeza inasafiri kwa mtandao. Kwenye Medisafe, kwa mfano, anayepokea taarifa huitwa Medfriend, na akiona kimya baada ya muda uliopangwa anaambiwa dozi imekosekana. Kama dada hana bando saa hiyo, wewe Dar utaambiwa mama hakumeza, wakati kameza na anaangalia taarifa ya habari. Ukipiga simu kwa hasira mara tatu namna hiyo, mara ya nne dada atabonyeza kabla hata hajachukua maji ya kumezea, ili usipige. Naona ndipo mlipofika, maana vidonge vinabaki huku programu ikisema zote zimemezwa.

Kwa hiyo mnunulie dada bando dogo la mwezi, na hilo lihesabiwe kwenye gharama za dawa. Ujumbe wa dozi iliyokosekana uuchukue kama swali. Piga ukamuulize mama mwenyewe kwanza: "Umeshakunywa dawa, mama?" Yeye ndiye mwenye mwili, na kwenye barua yako yote sikuona mahali alipoulizwa anaionaje hiyo alamu. Huenda kuna kidonge anachokikwepa kwa sababu kinamsumbua tumbo au kinampa kizunguzungu, na hilo hataliambia simu.

Kinachoweza kukuonyesha kama dawa imetoka kwenye sanduku ni vitu viwili vya kawaida sana. Kimoja ni kisanduku cha vidonge cha wiki, chenye vyumba 14, saba vya asubuhi na saba vya jioni. Kinapatikana kwenye maduka mengi ya dawa mjini. Kijazwe Jumapili jioni kwa wiki moja tu, kwa sababu hewa ya kwenu ina unyevu na si kila kidonge kinavumilia kukaa nje ya karatasi yake. Muulize mfamasia kama kuna kinachotakiwa kubaki kwenye pakiti mpaka dakika ya kumezwa. Dada akimaliza kujaza akutumie picha kwa WhatsApp, kisanduku kikiwa wazi na masanduku ya dawa yamepangwa pembeni. Wewe unahesabu: kila chumba cha asubuhi vidonge vitano, kila cha jioni viwili. Ukiona sita, unapiga kabla Jumatatu haijafika.

Kisanduku hicho kinazuia pia dozi kumezwa mara mbili, na hilo kwa dawa za presha na sukari naliogopa kuliko dozi iliyosahaulika. Inatokea hivi: dada anampa mama dawa, anaitwa mlangoni kabla ya kubonyeza, alamu inarudia baada ya dakika kumi, mjukuu anaisikia na kwa nia njema kabisa anampa tena. Wakiwa na kisanduku, chumba cha leo asubuhi kikiwa kitupu, hakuna anayefungua cha kesho. Na mpange mtu mmoja tu anayetoa dawa na kubonyeza. Awe dada. Anabonyeza `Take` baada ya kuona mama amemeza. Kama dozi haikutolewa, abonyeze `Skip`, na wewe usimgombeze kwa hilo, kwa sababu `Skip` ya kweli ina faida kwa daktari. Mjukuu aingie tu siku dada hayupo, na wewe uwe umeambiwa.

Kitu cha pili ni kuhesabu. Tuseme Metformin ilinunuliwa vidonge 60 na ikaanza siku hiyo, viwili kwa siku. Baada ya siku 20 vimeondoka 40, vinatakiwa kubaki 20. Vikibaki 27, dozi saba hazikumezwa hata kama programu imechora alama ya kijani kila siku. Vikibaki 16, kuna vinne vilivyotolewa mara mbili au vilivyoanguka chini ya kitanda. Ili hesabu hii ikae, kila dawa mpya inaponunuliwa ingiza idadi yake kwenye sehemu ya akiba ya programu, ambayo huandikwa `Refill`, na uiagize ikukumbushe vikibaki vya siku saba. Kwa Metformin ni 14, kwa Amlodipine ni 7. Wiki moja inakutosha kutuma pesa na dada kwenda mjini, hata duka la kwanza likikosa. Dawa zikigusana, yaani za zamani hazijaisha na mpya zimekuja, jumlisha zote mbili.

Dozi ikisahaulika, mzee hapewi mbili kwa pamoja kufidia. Amlodipine au Losartan H ikikumbukwa siku hiyohiyo anaweza kupewa, ikiwa karibu na muda wa dozi nyingine inaachwa. Dawa ya sukari iliyopitwa na chakula chake isitolewe katikati ya mchana bila chakula. Muombe daktari akupe jibu lake kwa kila dawa ya mama, na uliandike kwenye yale maelezo chini ya jina, kwa sababu swali hili dada ataliuliza siku simu yako haipatikani.

Siku daktari akibadilisha dozi, fungua dawa ileile uibadilishe miligramu, au uipe tarehe ya mwisho kisha uingize mpya. Usiongeze mpya juu ya ya zamani; wiki mbili baadaye utakuwa na Amlodipine mbili tena, safari hii kwa mkono wako. Sanduku lililoachwa litoke kabisa nyumbani, lirudishwe famasi. Mama akiwa mfungaji, nenda naye kliniki kabla ya Ramadhani ukaulize kama afunge na dawa zihamie wapi, kisha ubadilishe saa kwenye programu siku ya kwanza na kuzirudisha Sikukuu. Ukisahau, 07:30 italia na dada atampa Gliclazide mtu ambaye hatakula mpaka magharibi.

Kulipia? Bado. Kwa dawa sita na nyakati mbili, unachohitaji ni programu inayolia bila mtandao, inayohesabu akiba, inayokubali maelezo ya mkono na inayoweza kutoa ripoti. Medisafe na MyTherapy zote zimetumika miaka mingi, na MyTherapy inatoa ripoti ya PDF ya dawa na vipimo vya presha na sukari, ambayo daktari anaweza kuisoma kwa dakika moja. Kabla ya kuingiza kitu, angalia toleo la bure linaruhusu dawa ngapi. Programu inayoishia kwenye ya pili au ya tatu kisha ikadai malipo haikufai. Kama hiyo uliyonayo inatimiza hayo manne, baki nayo. Na kama dada hazipendi kabisa programu, alamu mbili za kawaida za simu zilizopewa majina "DAWA + CHAI" na "DAWA + CHAKULA", pamoja na kisanduku, zinafanya sehemu kubwa ya kazi. Utakosa hesabu ya akiba na kumbukumbu, utazishika kwenye daftari.

Mambo mawili madogo ya simu. Zima majina ya dawa yasionekane kwenye skrini iliyofungwa, maana simu ya dada inakaa sebuleni na wageni husoma. Na akaunti ya programu ifunguliwe kwa barua pepe yako wewe, si ya dada. Siku dada akiondoka kwenda kuolewa na simu yake, unaingia kwenye simu nyingine na orodha yote iko pale. Nakala ya karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la vyombo, yenye majina madogo ya dawa, miligramu, nyakati na tarehe uliyoiandika. Gari la hospitali likija usiku, ile karatasi ndiyo itakayoingia nalo.